Barua kwa Stesheni ya Nanyuki

Mume wangu alifundisha darasa la tano mjini Isiolo kwa miaka mingi, na barua alizoandika zilikuwa nyingi vilevile. Karibu zote ziliomba kitu: chaki, madawati, mabati ya kuziba paa. Sasa kwa kuwa hayupo, ninayoikumbuka zaidi ni ile aliyomwandikia stesheni masta wa Nanyuki.

Ilianza kwa picha ya treni katika kitabu cha jiografia. Watoto walimuuliza dereva anashika usukani wapi. Akawaambia treni haina usukani, inafuata chuma. Wakacheka kwa adabu, kama mtu anavyomcheka mgeni akikosea njia ya choo. Alirudi nyumbani, mtaa wa Kiwanjani, akaniambia, "Hawa hawataamini mpaka wapande."

Isiolo hakuna reli. Ilibidi kupanda kwa barabara mpaka Nanyuki. Mpango wake ulikuwa darasa lipande treni ya asubuhi hadi Naro Moru, wale chakula, kisha warudi na treni hiyohiyo. Kulikuwa na lori la mboga lililokwenda Nanyuki alfajiri na kurudi alasiri, na mwenye lori alikubali kuwabeba.

Wazazi wa wavulana walikubali upesi. Kwa wasichana, mambo yote yalimngojea mtu mmoja, mfanyabiashara wa mbuzi katika mtaa wa Wabera, mzee wa Kiborana. Binti yake alikuwa darasani, na kila mzazi mwenye msichana alisema atafanya kama yeye. Mume wangu alikuwa ameshasema kwamba bila wasichana safari haipo. "Nusu ya darasa si darasa," alisema, na nilijua hatabadilika.

Mzee akaja kwetu kunywa chai. Alitoa salamu, akauliza habari za shule na za mvua, kisha akasema masharti yake. Wasichana wakae pamoja, wasibanwe na wanaume wasiowajua. Pawe na mwanamke. Na wawe wamefika nyumbani kabla ya magharibi.

"Mwanamke yupi?" mume wangu akamuuliza.

Mzee akanionyesha kwa kidevu. "Huyu si yupo?"

Mimi niliishia darasa la nne na sikuwa nimewahi kupanda treni. Nikasema nitaenda.

"Basi," mzee akaendelea, "umwambie dereva wa treni awangoje hapo Naro Moru watoto wakila. Tutamnunulia chai."

Mume wangu akataka kucheka, akaona mzee hatanii. Mimi pia sikuona kichekesho. Magari yote tuliyoyajua Isiolo yalingoja. Lori la kwenda Garba Tula lilingoja lijae, na likishajaa lilimngoja mtu aliyekwenda kumuaga mama yake. Kwa nini treni isingoje watoto wa shule? Mume wangu aliwahi kupanda treni akienda chuo cha ualimu, akasema ana wasiwasi na hilo, lakini kuuliza si ujinga.

Barua aliiandika kwa Kiingereza, akanisomea kwa Kiswahili. Aliuliza kama darasa zima linaweza kupewa viti vya pamoja katika daraja la tatu, na wasichana wawe upande mmoja. Aliuliza nauli ya wanafunzi na ya watu wazima wawili, kwenda na kurudi. Mwisho akauliza kama treni inaweza kungoja kidogo. Aliandika pia kwamba wasichana watasimamiwa na bibi mwenye heshima, naye apewe kiti karibu nao.

"Bibi gani huyo?" nikamuuliza.

"Ni wewe."

"Ungeniambia mapema nijiandae."

Jibu lilichukua wiki kadhaa. Lilikuwa limepigwa chapa. Stesheni masta alisema viti vya daraja la tatu havina namba, anayetangulia ndiye anayekaa. Lakini akiarifiwa mapema, ataomba Nairobi, mabehewa yanakotoka, watutengee upande mmoja wa behewa, naye atabandika karatasi madirishani. Mwalimu aje na barua ya mwalimu mkuu yenye majina. Wanafunzi watalipa nusu, watu wazima nauli kamili, na kundi lote litaandikiwa tiketi moja.

Kungoja, hapana. Alieleza kwamba reli ni moja, na treni zinapishana kwenye stesheni kwa saa zilizopangwa, kwa hiyo moja ikichelewa inazuia nyingine. Tena treni ile hairudi siku hiyo. Inateremka mpaka Nairobi. Chini kabisa aliongeza kwa kalamu, kwa mkono wake: kama mna gari la kuwapokea, kateni tiketi ya kwenda tu.

Gari hatukuwa nalo. Lori la mboga lilikuwa likiishia Nanyuki. Mume wangu alikaa na ile barua mkononi mpaka chai ikapoa. Nilimwambia amtume mtu Wabera akamwambie mzee safari imeshindikana. Akakataa. Alisema mtu aliyekuja kwako kwa miguu, nawe umwendee kwa miguu.

Tukaenda wote wawili. Alimsomea mzee barua yote dukani kwake, hata mahali pa kukataa, bila kulainisha neno. Mzee alisikiliza akichezea tasbihi. Akaomba sehemu ya treni kupishana isomwe tena.

"Huyu ni mtu mkweli," akasema. "Mwongo angesema treni itangoja, achukue pesa zenu." Kisha akasema, "Lori langu la mbuzi litaoshwa. Litawapeleka Nanyuki, litawapokea Naro Moru. Nitakuwa ndani yake mimi mwenyewe."

Lilioshwa kweli, ingawa harufu ya mbuzi haikutoka yote. Tulipopita Timau baridi ilitukamata, watoto wakajifunika shuka moja watatu watatu. Stesheni ya Nanyuki tukakuta karatasi zimebandikwa madirishani kama alivyoahidi. Niliwaweka wasichana upande wa ndani, karibu na dirisha, mimi nikakaa pembeni mwa benchi kama lango. Mzee alichungulia dirishani, akaona tulivyokaa, akaenda kwenye lori lake.

Mume wangu alisimama mlangoni. Katika barua alikuwa ameomba viti vya wanafunzi na cha bibi mwenye heshima. Nauli yake alilipa, kiti akasahau kukiomba, na abiria wengine walikuwa wameshajaza upande wa pili. Watoto walimuuliza tena usukani uko wapi. Akawaambia watazame nje kwenye kona, waone injini inavyofuata chuma. Wakatazama. Hakuna aliyecheka.

Mahali barabara ilipokaribia reli, binti wa mzee akainuka. "Baba anatukimbiza," akasema. Lori lilikuwa likija na vumbi lake.

Naro Moru tulimkuta mzee amesimama kando ya reli, ametulia kama mtu aliyekuwapo tangu jana, ila nyusi zilikuwa nyekundu kwa vumbi. Akamuuliza binti yake kama walikaa pamoja.

"Tulikaa. Lakini mwalimu hakupata kiti."

"Mwalimu, hukujiandikia?"

"Nilijisahau."

"Basi wewe utakaa mbele, na mimi."

Tulifika nyumbani jua likiwa bado juu. Mume wangu na mzee waliongea njia nzima. Nilikuwa nyuma na watoto, nikawa nawasikia tu.

Wakati wa matanga ya mume wangu, watatu kati ya wale wasichana walikuja, sasa ni mama za watu. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa mkeka, karibu na mlango, ili nipokee wageni. Binti wa mzee akanishika mkono.

"Mama, sogea ndani," akasema. "Leo pembeni tutakaa sisi."

Nikasogea.