Miwani Iliyokaa Dirishani

Tangu vita vya Mjerumani viishe, Shomari alikuwa mpiga picha Musoma. Hakuwahi kutukanwa kama siku ile Hamduni, mwenye duka la miwani, aliporudisha picha ya tangazo mara ya tatu.

"Mikono ya miwani imepinda. Kamera yako mbovu!"

Damu ilimchemka Shomari. Wakati wa kupiga, alikuwa ametandika karatasi nyeupe ili kingo za fremu nyeusi zionekane wazi. Aliiweka kamera mbali, maana ikikaribia mno hupotosha umbo. Hata mng'ao kwenye vioo aliupanga mwenyewe, ukae pembeni tu.

Akainyakua miwani ya jua yenyewe, ambayo Hamduni alikuja nayo, akaifungua juu ya meza. Mkono mmoja wa miwani uligusa meza, mwingine ukabaki hewani.

"Unaiwekaga wapi?"

"Dirishani, wateja waione."

"Kwenye jua mwaka mzima! Imelainika, ikapinda. Mimi nimepiga kilichopo."

Hamduni akaitia miwani mfukoni. "Basi inyooshe kwenye picha. Hii imeshapata mnunuzi."

Kabla Hamduni hajafika barabarani, Shomari alikuwa ameshaibandika ile picha ya miwani iliyopinda mlangoni pa studio, wateja waione.