Ukurasa Uliokuwa Kifuani

Nilinunua Msahafu mpya mjini ili nimsikilize binti yangu kabla ya mtihani wa madrasa pale mtaani Woodley. Akasoma kwa moyo aya ambazo sikuziona kwenye Msahafu.

"Unajitungia!" nikafoka.

"Mama, mwalimu ndiye alinisomea hivi."

Nikamburuta hadi kwa mwalimu. Mwalimu akawaambia wanafunzi wengine wasome kwa moyo, wote wakatoa aya zile zile. Akafungua Msahafu wangu: ukurasa mmoja haukuwepo.

"Hata Kurani ilipokusanywa," akasema, "maandishi ya ngozini na mifupani yalilinganishwa na kumbukumbu za waliohifadhi kifuani."

Nikarudi dukani nikiwaka. Muuzaji akaapa mashine ya kuchapa haikosei.

"Msomee," nikamwambia binti. Akausoma kwa moyo ukurasa wote uliokosekana, muuzaji akanywea. Akanipa Msahafu mwingine.

"Sitoki," nikasema. "Huu nao tuukague." Binti akaanza upya, kidole changu kikifuata, foleni ya wateja nyuma yetu ikinuna.