Septrin Niliyoileta kwa Mkono Wangu

Nilimshuku wifi yangu hata kabla hajafanya lolote. Ndiyo tabia yangu, sijitetei. Mama aliishi kwake yeye na mumewe, kaka yangu, mtaa wa Kawangware 46, Nairobi, na kila nilipotoka kwangu Kibera kwenda kumwona nilimkuta amekonda zaidi. Nikajiuliza, huyu mwanamke anamlisha mama yangu nini?

Mama alipoanza kukohoa, sikumwachia mtu. Nilibeba kopo la Septrin, antibiotiki zilizobaki nilipougua mimi, nikahamia huko na begi langu. Tembe mbili asubuhi, mbili jioni, juu ya zile za presha alizozizoea. Chakula cha wifi nilikataa. Mama alikula ndizi mbivu nilizonunua mwenyewe. Na uji, lazima wifi auonje kwanza mbele yangu. Alionja bila neno, na huo ukimya wake pia niliushuku.

Siku ya kumi homa ikapanda. Macho yakawa mekundu, midomo ikachubuka, kifua kikajaa madoa yaliyomuuma hata nguo ikimgusa. Miguu ikalegea, akasema moyo unarukaruka. Mimi nikajua ni sumu. Wifi akasimama mlangoni, akaniambia polepole, "Dada, ni tangu uanze kumpa hizo tembe. Tuziache, twende hospitali."

Eti tuziache! Nikamwambia dawa inatoa uchafu wote aliomwekea mama, nikampa mama mbili za jioni.

Asubuhi nilimpangusa mgongo, ngozi ikatoka na kitambaa. Nilipiga yowe, wapangaji wa ploti nzima wakaja.

Hospitalini daktari aliuliza habari za dawa, mimi nikaanza kueleza habari za wifi. Akaninyamazisha kwa mkono. Wifi ndiye aliyefungua leso, akatoa Septrin na zile za presha. Alikuwa amezibeba zote. Daktari akasema mwili wa mama umeikataa Septrin, isimame hapo hapo, na asiiguse tena maisha yake yote. Macho, mdomo na ngozi vikianza hivyo, alisema, hungoji tembe nyingine, unakimbia hospitali. Damu ilipopimwa, potasiamu, ile chumvi ya damuni, ilikuwa imepanda mpaka ikauvuruga moyo. Septrin na aina ile ya dawa ya presha, zote huizuia isitoke na mkojo. Hata ndizi zangu, zenye potasiamu nyingi, zilikuwa zimeiongezea. Wakamdunga mbio mbio dawa ya kuukinga moyo.

Mama aliponea chupuchupu. Siku midomo ilipompa nafasi, aliomba uji. Wifi aliumimina kikombeni, akauonja kwanza bila kuambiwa, kisha akaninyooshea kikombe.

Nilikipokea, nikamtazama mama. Nikamrudishia kikombe, nikamwambia, "Mpe wewe. Mkono wangu umeshampa vya kutosha."