Kibandiko cha Swaibu

Picha ya kwanza iliingia kwenye simu ya Safina saa nne asubuhi, na salamu ya Kiha na swali moja chini yake: "Mwakeye, dada. Waya wa betri nifunge upande gani?"

Aliyeuliza ni Elida wa Kalinzi, kijiji cha milimani, mfugaji wa mbuzi wanane wa maziwa. Mbuzi wale walishaingia mara tatu kwenye shamba la kahawa la jirani, na jirani alikuwa amesema mara ya nne atawapeleka kwa mtendaji. Ndipo Elida akanunua mashine ya fensi ya umeme kwa Swaibu, muuza mitumba wa pale Kibirizi, kando ya ziwa.

Safina alizaliwa Ujiji, kwenye nyumba ya wauza nguo. Ndugu zake walikaa dukani. Yeye alikaa na taa mbovu za wavuvi wa dagaa, akizifungua na kuzifunga hadi mama yake akakata tamaa ya kumfundisha kupima kanga. Sasa ana miaka arobaini na miwili na kibanda chake cha ufundi umeme Gungu, na watu wa milimani wasiotaka kulipa bodaboda humtumia picha. Huzijibu zote, na hukaripia nyingi.

Alikuza picha. Boksi la bati, kifeni kidogo nyuma, vichwa viwili vya betri, chekundu na cheusi. Mbele kulikuwa na tundu la kuchomekea plagi, na juu kibandiko kipya cha karatasi ya manjano: MASHINE YA FENSI – NG'OMBE NA MBUZI.

Tundu la plagi ndilo lililomkera. Mashine ya fensi hutoa umeme kwenye vichwa viwili tu: kimoja cha waya, kingine cha ethi, yaani cha kwenda ardhini. Kwenye fensi hakuchomekwi pasi.

Akapiga simu. "Elida, usiwashe chochote. Kibati cha maandishi kiko wapi?"

"Hakipo, dada. Kuna karatasi tu."

"Ibandue."

"Swaibu alisema nikiibandua garantii inakufa."

"Ibandue, nimesema mimi!"

Picha ya pili ilikuja na ukungu, ya tatu ikasomeka. Kuingia, volti kumi na mbili za betri. Kutoka, volti mia mbili na ishirini, wati mia tano. Hakukuwa na neno lolote kuhusu jouli, kipimo cha nguvu ya kila pigo, ambacho hakikosi kuandikwa kwenye mashine ya fensi. Pembeni ya kibati kulikuwa na mistari miwili ya rangi ya bluu, alama ambayo wavuvi wa dagaa hupaka vifaa vyao ili visichanganyike mwaloni, boti zinapoegeshwa. Ilikuwa inveta ya taa za boti, ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani.

"Umeshafunga nini?"

"Waya mmoja wa tundu nimefunga kwenye fensi, mwingine kwenye nondo niliyochimbia, kama alivyosema. Nilibakiza betri tu. Nikaona nikuulize nyekundu na nyeusi."

Safina akakaa kwenye ndoo. "Sikiliza, mdogo wangu. Mashine ya kweli hupiga mara moja, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kisha inapumzika kama sekunde moja. Mnyama anashtuka, anarudi nyuma. Hii haipumziki. Atakayeigusa misuli itakaza, hataweza kuachia. Mbuzi, wewe, wanao. Ng'oa waya zote sasa hivi, uniteremshie hiyo kitu."

Kabla ya adhuhuri walikuwa Kibirizi wote wawili, inveta mkononi mwa Safina. Swaibu alikuwa nyuma ya meza yake ya vifaa vya mitumba, akinywa chai.

"Fundi! Karibu! Umeleta biashara?"

"Nimeleta mauaji yako. Nani kabandika karatasi juu ya kibati?"

"Ah, mama, umeme ni umeme. Mbuzi anajua volti?"

Wapagazi wawili wakacheka. Safina hakucheka. Alitoa waya, akazifunga kwenye tundu, akazitupa ncha kwenye mchanga uliolowa maji ya samaki, mbali na miguu ya watu, kisha akabana betri ya mezani, akawasha.

"Vua ndara, shika ncha moja. Si ni ya mbuzi? Wewe ni mkubwa kuliko mbuzi."

Swaibu akatazama ncha, akatazama watu. Hakuvua.

"Vua, vua!" mpagazi mmoja akapiga kelele. "Leo si unauza?"

"Zima hiyo, bwana," Swaibu akasema, sauti imekuwa ndogo.

"Bwana nani? Kumbe unajua!" Safina alizima, akavuta betri. "Ulijua, ukamwambia mama wa watoto wanne achimbie nondo. Mrudishie haki yake. Na umeuza ngapi zenye karatasi?"

"Hiyo tu."

"Swaibu."

"Mbili nyingine. Moja kwa Bariki, wa nguruwe. Nyingine Ujiji, kwa mama mmoja, anazungushia bustani. Anasema watoto wa mtaa wanamwibia mapera."

Elida akaziba mdomo kwa kanga. Safina alikuwa ameshatoa simu, hakumtazama tena mtu.

"Namba zao," alisema. "Ya huyo wa mapera kwanza."