Majina Matatu Yaliyozidi

Ofisini walimwita Kurunzi, kwa sababu karatasi ikishapita mikononi mwake haibaki na kona yenye giza. Shahada hakuwa nayo. Alikuwa na miwani iliyofungwa uzi kwenye sikio la kushoto, rula ya mbao na kalamu nyekundu, na kwa miaka thelathini na moja mawakili wenye shahada ukutani walimletea yeye mikataba aisome kabla wao hawajaisemea neno.

Wiki ile wakili wake, mwanamke kijana mwenye haraka na moyo mzuri, alimwekea mezani rasimu ya mkataba wa kununua hisa zote za kiwanda kidogo cha uchapaji. Mteja wao alikuwa mnunuzi, kampuni kubwa ya kutengeneza maboksi. Muuzaji alikuwa binti wa marehemu mwenye kiwanda, aliyehamia mbali tangu ujana wake na kurithi mashine asizozijua hata kwa mlio.

Kurunzi aliposoma jina la kiwanda aliweka kalamu chini.

"Wakili, mimi huko nilifanya kazi zamani. Ni vizuri ujue."

"Bado wanakulipa kitu?"

"Senti moja hawanilipi."

"Basi mzee, kula karatasi hiyo. Sisi wengine hatuna meno."

Zamani hizo Kurunzi alikuwa mpakuzi wa mizigo pale, mtu mzima mwenye mke, asiyejua a wala be. Mpanga herufi wa kiwanda ndiye aliyemfundisha kusoma, saa za mapumziko, kwa herufi za kuchapia za madini ya risasi, ambazo husomwa kinyume kama kwenye kioo. "Ukiweza kusoma kinyumenyume," alimwambia, "hakuna atakayekudanganya kwa maandishi yaliyonyooka." Hakumdai chochote. Siku hizo mtu aliyejua kitu aliona haya kukaa nacho peke yake. Siku hizi hata kukuonyesha njia mtu anataka kwanza umwambie utampa nini.

Rasimu ilikuwa na kurasa sabini na mbili. Ukurasa wa thelathini na nane muuzaji alithibitisha kwamba, kwa kadiri ajuavyo, kampuni haina wajibu wa kumlipa mtu yeyote pensheni isipokuwa waliotajwa kwenye Jedwali la Nne. Jedwali la Nne lilikuwa na neno moja: Hakuna.

Kurunzi alipiga mstari chini ya "kwa kadiri ajuavyo". Binti wa watu alijua nini? Asiyejua hawezi kushtakiwa kwa uongo. Na anayenunua hisa hanunui mashine na meza peke yake. Anainunua kampuni nzima na madeni yake na ahadi zake, hata zile zilizosahauliwa droo ya chini.

Asubuhi iliyofuata walikwenda kiwandani, yeye na wakili, wakafunguliwa chumba chenye maboksi kumi na tisa ya nyaraka. Mtunza stoo, mzee mwenzake, aliwaletea viti.

"Kumbe huyo Kurunzi wanayemsema ni wewe! Umekuja kutuzika?"

"Nimekuja kupima mwili. Wazikaji wako nyuma."

Walicheka, kisha hakuna aliyecheka tena.

Aliweka rula kwenye orodha ya mishahara: watu arobaini na wanne. Akaiweka kwenye orodha ya michango ya hifadhi ya jamii: arobaini na mmoja. Mwezi uliotangulia vilevile, na mwaka uliotangulia.

"Wafanyakazi hewa," wakili alisema. "Mhasibu anakula."

"Hewa hailipwi nusu mshahara kama hawa watatu, mwanangu. Mwizi angejilipa mzima."

Alimwita mtunza stoo, akamwonyesha majina matatu. Mzee yule alitoka, akarudi na bati la biskuti. Ndani mlikuwa na nakala za barua tatu, kila moja na muhuri wa kampuni na saini ya marehemu akiwa mkurugenzi. Wa kwanza alikatwa vidole na mashine ya kukatia karatasi. Wa pili alikuwa mjane wa fundi aliyefia kazini. Wa tatu alikuwa yule mpanga herufi, aliyepofuka. Kila mmoja aliahidiwa nusu mshahara mpaka kufa kwake. Ukiacha wenye barua na mtunza stoo aliyemwachia nakala, marehemu hakumwambia mtu. Aliona ni aibu kutangaza wema, na kwa aibu hiyo binti hakuambiwa na barua hazikuingia kwenye jalada lolote.

Wakili alikuwa ametoka nje kupokea simu. Kurunzi alibaki ameshika barua ya tatu. Angeweza kulifunga bati. Nani mwingine angejua barua zipo? Lakini aliwaza pia: mauzo yakishapita, atakuja mhasibu mgeni, ataona majina matatu yasiyo na kazi, atayakata kwa kalamu moja, na kipofu atabaki akipiga hodi kwenye mlango asiouona. Heri yaandikwe. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, kosa la mtu aliyeishi na karatasi mpaka akaamini kwamba kilichoandikwa ndicho kinachoheshimiwa.

Aliandika taarifa safi. Ahadi zinaibana kampuni, si marehemu peke yake, na zitamfuata mnunuzi. Akapendekeza barua ziorodheshwe kwenye Jedwali la Nne, gharama yake ipunguzwe kwenye bei, malipo yaendelee. Wakili aliisoma mara mbili, akaituma bila kubadili nukta.

Jibu la mnunuzi lilikuja siku ya tatu, mistari minne. Hatapunguza bei wala hatarithi wazee. Kabla ya kukamilisha, muuzaji awalipe wote watatu kwa mkupuo mmoja, wasaini kufuta madai, na barua za asili zirudishwe. Bila hivyo, hanunui.

"Nilipigania lile pendekezo lako, mzee," wakili alisema, macho sakafuni. "Wamelikataa."

"Najua, mwanangu. Wewe umefanya kazi yako. Na mimi nimefanya yangu, ndiyo maana tumefika hapa."

Kurunzi ndiye aliyetumwa kupokea barua. Mpanga herufi aliishi chumba kimoja na mkewe, chenye kitanda, redio na dirisha alilokaa kando yake kwa mazoea tu. Aliijua sauti ya mgeni kabla ya salamu kuisha.

"Mwanafunzi wangu! Kaa. Nisomee hiyo karatasi yao. Mke wangu husoma akirukaruka."

"Mwalimu, mimi nipo upande wa mnunuzi. Umeonana na wakili wako mwenyewe?"

"Nimeonana naye. Kaniambia barua yangu ina nguvu, naweza kukataa. Nikamuuliza, nikikataa? Kasema wataondoka, na kiwanda hakifiki mwisho wa mwaka. Wale arobaini na mmoja wana watoto. Soma."

Kurunzi alisoma neno kwa neno. Mishahara ya miaka miwili, basi.

"Nani aliyeyaona majina?" mzee aliuliza. "Yamekaa miaka kumi na minne hayajaonwa na mtu."

"Mimi, Mwalimu."

Mzee alitikisa kichwa taratibu. "Nilijua. Nilikufundisha vizuri."

Mkewe alimwongoza mkono, akasaini. Kisha akatoa barua ya asili chini ya godoro, akapitisha kidole gumba juu ya maandishi. Aliyapanga mwenyewe, herufi kwa herufi, mwaka ule macho yalipokuwa yakififia, na mashine ilikuwa imeyabonyeza mpaka yakaacha mashimo. Akaigusa na ile karatasi mpya aliyoisaini, iliyotoka kwenye printa, nyororo kama kioo.

"Hii haina kitu," alisema. "Nimesaini karatasi tupu."

Akamkabidhi barua. Kurunzi aliiweka kwenye bahasha, akaandika juu yake kwa kalamu nyekundu: imepokelewa. Mlangoni alisimama muda mrefu akitafuta neno la kuaga, naye mzee, akidhani ameshaondoka, alikuwa bado anasugua kidole gumba hewani.