Barua Yangu Kwenye Meza Isiyo na Mtu

Walisema sitamaliza miezi mitatu kazini Doha. Nikakaa miaka minne. Walisema nikirudi kwetu Roret nitauza simu kuukuu sokoni. Nikaingia chuo, nikatoka na diploma ya teknolojia ya vyakula, tena kwa alama nzuri. Kwa hiyo meneja wa uzalishaji wa kiwanda chetu cha majani chai alipohamishwa, na watu wakasema msimamizi wa zamu kama mimi hawezi kukalia kiti kile hata siku moja, nilijua wamekosea tena. Watu hawa wana bidii sana ya kukosea.

Nafasi ingetangazwa, lakini tangazo la ofisi kuu huchukua miezi. Mtu wa kukaimu alihitajika. Niliandika kurasa tatu. Mke wangu alisoma ya kwanza akaniuliza, "Baba, hii ni barua ama ni ile hotuba ya kumsifu marehemu?"

Alifuta Doha yote. Iliyobaki ilitosha ukurasa mmoja: naomba kufikiriwa kukaimu nafasi hii mpaka atakapopatikana wa kudumu, nimesimamia zamu miaka mitano, naelewa kwamba kukaimu si ahadi ya kuthibitishwa. Nikaambatanisha nakala ya diploma. Hiyo hakuiondoa, aliona macho yangu.

Mimi ni mtu wa utaratibu. Barua ya mfanyakazi hupitia kwa mkubwa wake wa karibu. Basi kwenye bahasha, chini ya cheo cha meneja wa kiwanda, nikaandika kwa herufi kubwa, "Kupitia kwa: Meneja wa Uzalishaji." Nikampa tarishi, nikarudi zamuni nikitembea kama mtu aliyeitwa tayari.

Wiki mbili zikapita. Jumatatu moja, kwenye mkutano wa asubuhi, meneja wa kiwanda akasema, "Ijumaa napeleka jina ofisi kuu. Mpaka sasa nina ombi moja tu." Akamtazama msimamizi wa zamu ya usiku, ambaye alikuwa anatabasamu kwa unyenyekevu wa kuudhi.

Moja? Nilienda moja kwa moja kwa katibu wake.

"Mama, barua yangu iko wapi?"

"Barua gani, mwanangu? Kwangu haijafika."

Tarishi akaitwa. Hakuona shida yoyote. "Mimi nilipeleka mahali imeandikwa. Kwa meneja wa uzalishaji. Niliweka kwa trei yake."

"Lakini hayuko!"

"Ndiyo, hayuko. Wewe ndiye uliandika."

Tulifungua ile ofisi. Barua yangu ilikuwa kwenye trei, juu ya orodha za vipuri, imetulia ikimsubiri mtu ambaye sina uhakika atakuja lini. Fundi mzee wa mashine za kukausha, aliyekuwa akipita, aliingiza kichwa mlangoni.

"Mtu wa Doha! Umejiandikia barua? Sasa kaa hapo ujijibu."

Katibu alicheka mpaka akashika meza. Kufikia saa nne kiwanda kizima kilijua. Kule kwenye mabeseni ya kunyausha majani, mtu aliniuliza kama kile kiti kimenikubalia.

Ningeweza kuitupa ile bahasha na kusema barua ilichelewa kwa bahati mbaya. Niliichukua ilivyo, nikabisha kwa meneja wa kiwanda, nikasimama wima.

"Bosi, niliomba wiki mbili zilizopita. Nilipitisha kwa meza ambayo haina mtu. Kosa ni langu. Ombi bado ni lile lile, na naamini naiweza kazi hiyo."

Alisoma bila haraka. Mdomo wake ulicheza pembeni. "Kwa hiyo uliomba kiti ruhusa ya kukikalia."

"Ndiyo, bosi."

"Nani atashika zamu yako?"

Nilimtaja msaidizi wangu, na nikasema nimeshamfundisha kukadiria unyevu wa majani siku za mvua.

"Na tukiajiri mtu mwingine baada ya miezi sita?"

"Nitamkabidhi funguo na kurudi zamuni. Nimeandika hapo."

"Umeandika," alikubali, kama mtu aliyetarajia diploma peke yake. Akashika kalamu. "Nitapeleka majina yote mawili. Ofisi kuu itawaita."

Walituita, mmoja mmoja. Mwenzangu alieleza vizuri jinsi atakavyobadilisha kila kitu. Mimi nilieleza kiwanda kitakavyoendelea kufanya kazi. Siku tisa baadaye ikaja barua: kaimu meneja wa uzalishaji, miezi sita, pamoja na posho ya kukaimu. Mwenzangu alinipa mkono, akasema, "Haya, Kaimu. Usituletee joto la Uarabuni."

Asubuhi ya kwanza nilikaa kwenye kile kiti. Kinayumba. Kabla sijapata kipande cha karatasi cha kukunja na kuweka chini ya mguu wake, fundi mzee alinipigia simu kutoka mlango wa kupokelea majani.

"Kaimu, magari matatu yamefika, majani yamelowa chapa. Kuja ama tukuandikie barua?"

Nikashuka mbio.