Ngozi Yenye Vinyweleo

Imakulata alizaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa mkonge karibu na Maramba, akasoma mpaka akawa mwalimu, akaolewa na Mathew, seremala asiyejua kupiga misumari ovyo. Mathew alipofariki alimwachia karakana ya samani pale Ngamiani na jina lililoandikwa juu ya mlango kwa rangi nyeupe. Jina hilo Imakulata alilitunza kuliko macho yake. Hakuna kabati lililotoka pale bila yeye kulipapasa kwanza.

Kwa miaka thelathini wateja walimfuata yeye. Mtu alikuja na maneno mawili, "nataka kitanda kizuri", na Imakulata alimhoji mpaka kitanda chenyewe kikaonekana katikati yao. Alijua kuusema ubao. Alikuwa akisema mvule una nyuzi zinazopishana, leo zinaelekea huku, kesho kule, na mteja aliitikia kwa kichwa kama aliyekwisha kuushika.

Kisha mwanawe Asheri akamwoa Leticia.

Leticia alikuja na kompyuta. Aliandika maneno, akili mnemba ikamtolea picha: sebule nzima, na kiti, na mwanga wa dirishani, kabla fundi hajachana hata ubao mmoja. Wateja wakaanza kuuliza, "Yule mkweo yupo?" Imakulata alijibu yupo, akarudi kupapasa makabati.

Mwaka huu Bwana Badru alitaka samani za nyumba ya wageni anayojenga Pangani: kaunta ya mapokezi ya mvule, vitasa vya chuma cha pua, na viti kumi na viwili vya ngozi. Alitaka kuona picha kwanza. Picha ya kwanza ya kaunta Imakulata aliichungulia juu ya bega la Leticia, akacheka puani.

"Hilo beseni la plastiki au kaunta?"

"Mama, nimeandika 'kaunta nzuri ya mbao ya mvule'."

"Ndiyo maana. Mashine yako haijui mvule. Na tazama, michirizi imezunguka kona kama karatasi ya ukutani. Ubao haukunjwi kona, mwanangu. Ubavuni nyuzi zinakwenda kwa urefu, na mwishoni, pale ulipokatwa, unaona vitundu na miduara."

Leticia akaweka vidole tayari. "Niambie basi, mama. Polepole."

Na Imakulata, kwa kuwa aliulizwa, alimwambia. Rangi ya hudhurungi inayoelekea dhahabu. Nyuzi zinazopishana kwa urefu wa ubao. Kingo zinazoonyesha mkato. Imepakwa mafuta, si vanishi ya kung'aa. Mwanga uingie kwa pembeni, maana mwanga wa usoni hufuta nyuzi zote. Kwa vitasa alimwambia asiandike "chuma kinachong'aa", atapata kioo cha kujitazama. Aandike chuma cha pua kilichosuguliwa, mistari myembamba ya upande mmoja, na taswira ya dirisha ionekane imevutika na kufifia juu yake.

Picha ilipotoka, hata Imakulata alinyoosha mkono kutaka kuigusa.

Bwana Badru alipiga simu siku hiyohiyo. Leticia aliweka sauti ya juu ili mama naye asikie. "Leticia, wewe una jicho! Nimeuona mvule mpaka nimeusikia harufu. Karakana hii sasa imepata mtu."

Sasa imepata mtu. Imakulata alikwenda uani kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Maneno yalikuwa yake, yote, hata lile la kufifia kwa dirisha. Kumbe miaka thelathini alikuwa nani, kivuli? Leticia alikuwa amefungua kinywa kusema kitu kwenye simu, lakini Badru alishakata. Imakulata hakutaka kulikumbuka hilo.

Kesho yake Leticia akaja na daftari. "Mama, zimebaki ngozi. Niseme nini?"

Imakulata alikwisha kuiona mashine hiyo ikifanya kazi. Alijua haina kinyongo wala akili ya kukisia; inafuata maneno. Na ngozi kwa Kiswahili ni ya kiti na ni ya mtu.

"Andika ngozi laini ya kahawia," alisema, akitazama pembeni. "Yenye vinyweleo. Na mikunjo ya uzee. Iwe na uhai."

"Iwe na uhai," Leticia aliandika, akatabasamu. "Ahsante, mama. Wewe ni hazina."

Siku hiyo Leticia alitumia simu, na humo picha zilitoka ndogo kama kucha: viti vya kahawia, vizuri tu. Akazituma, na chini ya kila picha akaweka jina la karakana, kama kawaida. Jina la Mathew. Hilo Imakulata hakulifikiria mpaka walipokuwa wameketi Raskazone, sebuleni kwa Bwana Badru, na picha ikafunguka kwenye televisheni pana kama mlango.

Mama yake Badru, Bi Mwatumu, aliyekuwa amekaa na kikombe cha kahawa, alikisogeza mbali.

"Audhubillahi! Badru, kiti hiki kina kwapa!"

Kweli kilikuwa nalo. Mkono wa kiti ulikunjamana kama kiwiko, na mgongo wake ulikuwa na vinyweleo vilivyosimama kana kwamba kimesikia baridi. Chini, kwa herufi safi: Samani za Mathew.

"Mtu akikalia hicho si kitamshika?" Bi Mwatumu aliendelea. "Na huyo Mathew ndiye nani, mchuna watu?"

Badru hakucheka. "Leticia, hii ndiyo karakana niliyosifia kwa washirika wangu?"

Leticia alikuwa ameinama. "Nisamehe, kaka Badru. Kosa ni langu, niliandika vibaya." Hakumtazama mama mkwe wake hata kidogo.

Angemtazama, ingekuwa rahisi zaidi. Imakulata aliona jina la mumewe chini ya kwapa lile, akaona na binti wa watu amejitwika mzigo usio wake, na akajua ni nani aliyelichafua jina.

"Si yeye," alisema. "Maneno nilimpa mimi. Na ya kaunta nilimpa mimi. Yale nilimpa kwa moyo mweupe, haya sikumpa hivyo."

Bi Mwatumu alimgeukia, akasema taratibu, "Wivu, shoga yangu?"

"Wivu."

Leticia alifungua kompyuta bila kuambiwa. Imakulata akataja maneno, mwenzake akaandika: kiti kilichofunikwa ngozi ya ng'ombe iliyosindikwa, uso wa vinundu vidogo visivyolingana, mshono wa uzi mnene, sehemu za mikono zimechakaa na kung'aa kidogo kwa kushikwashikwa, mwanga laini wa pembeni. Hakutaja vinyweleo wala uhai. Kikatoka kiti cha watu wa heshima.

Badru alikitazama sana. "Kaunta na vitasa mtafanya," alisema hatimaye. "Viti nitawapa wengine. Zile picha washirika wangu wameshaziona."

Walirudi Ngamiani kwa bajaji.

"Ulijua itatoka vile?" Leticia aliuliza.

"Nilijua."

Leticia akasema, bila ukali, "Mama, kuanzia sasa utaandika mwenyewe. Mimi nitakaa pembeni nikuangalie. Na simu ya mteja utapokea wewe."

Imakulata alitaka kusema hajui kuandika kwa haraka. Badala yake alishika ncha ya kitenge cha mkwewe kilichokuwa kikipeperuka nje ya bajaji, akakiingiza ndani, kisichafuke na matope.